Mama Unguja, Binti Maskati, Picha Moja

Mteja akiingia studio na picha mbili ndani ya simu, akasema, "Nataka hawa wawe pamoja na hawa," fundi mzoefu haangalii kwanza sura za watu. Anaangalia vivuli vya pua. Katika picha moja kivuli kimelalia shavu la kulia, katika nyingine kimelalia la kushoto, na hapo ameshajua kwamba kazi itakuwa ngumu na huenda isipendeze. Mteja mwenyewe amehangaika usiku kucha kutafuta picha ambazo kila mtu ametabasamu vizuri. Tabasamu wala halina shida. Shida ni jua, ambalo kule lilikuwa upande huu na huku lilikuwa upande ule, na hakuna mkasi wa kompyuta unaolihamisha jua kwa bei ya studio ya mtaani.

Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa mengi yanahusu siku ya kupiga, na machache tu yanahusu kompyuta. Ndugu walio nchi mbili wakipigwa picha kwa masharti yaleyale, kuwaunganisha ni kazi ya saa moja au mbili. Wakipigwa kila mmoja kivyake, fundi anaweza kukesha na bado jirani akiingia sebuleni atauliza, "Hawa mmewabandika?"

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1870 William Notman, mpigapicha wa Montreal nchini Kanada, alitoa picha ya watu wapatao 300 wakiteleza juu ya barafu katika ukumbi mmoja. Kwa kamera za wakati ule, kuwapiga wote kwa mpigo mmoja kusingewezekana, kwa sababu yeyote aliyetikisika angetoka ukungu. Notman aliwapiga studioni mwake, mmoja mmoja au wachache wachache, kisha akazikata zile picha, akazibandika juu ya mandhari ya kuchora, akaipiga picha upya kazi nzima. Kwetu pwani, Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha za kukata na kubandika miaka mingi kabla ya programu za kuhariri picha kufika mikononi mwa watu. Watu hawa hawakuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Walilazimika kujua kabla ya kupiga nani atasimama wapi, kwa ukubwa gani, na mwanga utamjia kutoka upande gani. Sisi tunacho kitufe, na nadhani ndicho kilichotuzoesha uvivu wa kutopanga.

Tuchukue familia ya mfano. Ni ya kubuni, lakini wengi wataitambua. Mama ana miaka sabini na kitu, anakaa Ng'ambo, Unguja, na wanawe watatu wako hapohapo mjini. Binti wa nne ameolewa Maskati, yuko huko na mumewe, kijana wao wa sekondari na mdogo wake wa miaka tisa. Familia za sura hii ni nyingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihama, na tangu Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 wengi walikaribishwa Oman, ndiyo maana hadi leo Kiswahili unakisikia Maskati madukani na majumbani. Mama anataka picha moja ya ukutani, inchi 12 kwa 18, yeye na watoto wake wote, na hao wajukuu wawili na mkwe wake. Watu wanane: wanne Unguja, wanne Maskati.

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kuwapanga wa Unguja kushoto na wa Maskati kulia. Likipangwa hivyo, katikati hubaki mpaka. Hata kama mwanga umelingana, jicho huona makundi mawili yaliyogusishwa mabega. Baya zaidi, watu wote wanaonekana hadi miguuni, na miguu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kiatu kinakanyaga, na pale kinapokanyaga pana kivuli chembamba cheusi chini ya soli, kisha kingine chepesi kinachotawanyika. Mtu aliyekatwa kutoka picha nyingine akikosa vivuli hivyo, huelea.

Mpangilio unaookoa kazi ni wa safu mbili. Wa Unguja wakae kwenye viti mbele, mama akiwa katikati kidogo, na wa Maskati wasimame nyuma yao. Hapo miguu ya wa Maskati haitaonekana kabisa, imezibwa na viti na watu waliokaa. Makundi mawili yanaingiliana, kichwa cha kaka kinaziba kidogo kifua cha shemeji yake, na kuzibana huko ndiko kunakomfanya mtazamaji aamini kwamba walikuwa chumba kimoja. Yule mtoto wa miaka tisa, ambaye angepotelea nyuma ya viti, huko Maskati apandishwe juu ya kreti ya soda, kwa kuwa kreti haitaonekana.

Na adabu ya kukaa ipangwe hapohapo, si baadaye. Binti anasimama nyuma ya mama yake. Mkwe anakaa pembeni, nyuma ya shemeji yake wa kiume, kwa sababu fundi asiyefikiri anaweza kumsimamisha mkwe amemwegemea mama mkwe, na picha ikaja kuleta maneno. Watu hupenda pia kumwomba fundi amwekee binti mkono juu ya bega la mama. Ningewashauri waache. Mkono unaogusa bega hukandamiza nguo na kukunja mtandio, na mkono uliobandikwa haukunji kitu. Unaonekana kama mkono wa sanamu. Mikono ya walio nyuma ishuke tu chini, izibwe na waliokaa.

Sasa kupiga Unguja. Nianze na kivuli, kwa kuwa hapa ndipo penye utajiri wa jambo lote.

Watu wengi hudhani wakipiga saa kumi jioni Unguja na saa kumi jioni Maskati, basi mwanga umelingana. Haulingani hata kidogo. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, Maskati iko kama nyuzi 23 na nusu kaskazini. Mwezi wa Desemba, chomeka kijiti cha mita moja wima ardhini wakati wa adhuhuri. Unguja kitatoa kivuli cha sentimita thelathini hivi, kwa sababu jua liko karibu na utosi. Maskati kijiti hichohicho, mwezi huohuo, kitatoa kivuli cha zaidi kidogo ya mita moja. Mwezi wa Juni mambo yanageuka: Maskati jua linakuwa utosini hasa, na Unguja linakuwa limeinamia kaskazini. Mtu asifikiri kwamba adhana itamsaidia. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapotimia urefu wa kitu chenyewe, juu ya kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Kwa hiyo, katika Desemba yetu, alasiri ikiingia Unguja kijiti cha mita kina kivuli cha mita moja na sentimita thelathini, na Maskati kina mita mbili na zaidi. Jua la Maskati liko chini zaidi, linapenya chini ya ukingo wa kofia. La Unguja bado linaziba macho kwa kivuli cha nyusi.

Ikiwa familia imeng'ang'ania jua, basi wakubaliane kijiti badala ya saa. Tuseme kivuli cha mita moja na nusu, na kila upande upige kivuli kikifika hapo, iwe saa ngapi kwa saa yao. Kisha upande wa jua upimwe kwa kamera, si kwa dira: jua liwe nyuma ya bega la kushoto la mpigapicha, huku na kule. Kuta na nyumba zielekee vyovyote.

Lakini ukiniuliza, nitasema waliache jua kabisa. Wakae kwenye kivuli cha ukuta mrefu au chini ya paa la baraza pana, pakiwa wazi upande wa kamera. Mwanga hapo unatoka mbinguni kote, ni laini, kivuli cha pua kinakuwa hafifu, na tofauti ya nyuzi za jua kati ya Unguja na Maskati inakaribia kupotea. Kinachobaki kulinganishwa ni upande upi ulio wazi zaidi. Kama barazani Unguja mwanga unaingia zaidi kutoka kushoto kwa kamera, Maskati nao watafute mahali ambapo ukuta uko kulia na uwazi uko kushoto. Kuna jambo moja dogo ambalo husahauliwa, nalo ni sakafu. Vigae vyeupe au mchanga mweupe hurusha mwanga juu na kuwasha kidevu, zulia jekundu hupaka kidevu wekundu. Kutandika mkeka wa rangi ya kawaida pande zote mbili kunalimaliza hilo.

Kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi iwe mita 1.3 kutoka ardhini. Urefu huu si wa bahati nasibu. Sakafu ikiwa tambarare na kamera imenyooka, kila kitu kilicho sawa na urefu wa lenzi huangukia mstari mmoja unaokata picha nzima. Kamera ikiwa mita 1.3, mstari huo unapita vifuani mwa watu wazima wote waliosimama, walio karibu na walio mbali. Kama Maskati mtu amepiga akiwa amesimama na simu iko usoni pake, mstari unapita machoni, na watu wake wanaonekana kutoka juu kidogo. Mtazamaji hatajua kwa nini, ila ataona kwamba wale wa nyuma wanateremka kama wako bondeni.

Umbali nao uwe mmoja: mita 6 kutoka lenzi hadi safu ya nyuma, na simu ivutwe mara mbili. Simu bila kuvutwa huona upana mkubwa sana, na walio pembeni mwa picha hunyooshwa mashavu na mabega. Ukisogea mita 2 ili uwajaze kwenye kioo, pua na tumbo vinakuja mbele. Hitilafu hiyo hairekebishiki kwa kupunguza ukubwa baadaye, kwa sababu umbo la uso linaamuliwa na umbali wa kamera, na programu ya kukuza au kupunguza haigusi umbo. Ile hali ya simu ya kufifisha mandhari ya nyuma izimwe, kwa kuwa hula kingo za masikio na ushungi. Na ile ya kulainisha ngozi izimwe pia, hata kama shangazi atanuna.

Kisha inakuja karatasi. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 Unguja, Maskati na Doha, kwa hiyo ni rula iliyokwisha kufika kila nchi. Barazani Ng'ambo, waiteni majirani wanne wenye vimo vinavyokaribiana na vya wale wa Maskati, wasimame nyuma ya viti pale watakapokuwa binti na wenzake. Mmoja wao ashike karatasi ya A4 wima mbele ya kifua, bila kuipinda. Piga. Sasa majirani watoke, wenye viti wasiondoke, stendi isiguswe, piga tena mara nyingi hadi sura za wanne wote ziwe nzuri. Kwa hiyo mnazo picha za aina mbili: moja ya majirani na karatasi, ambayo haitatundikwa ukutani, na nyingine yenye nafasi tupu nyuma ya viti. Ile ya majirani ndiyo mwalimu wa kazi yote. Inaonyesha walio nyuma wanatakiwa kuwa wakubwa kiasi gani, vichwa vyao vifike wapi, na kivuli chao kinaangukaje. Ukuta uwe mbali nao kwa mita moja na nusu au zaidi, ili usilazimike kuchora vivuli vyao ukutani.

Maskati wanapewa maelezo mafupi: kivuli cha baraza, uwazi kushoto, lenzi mita 1.3, umbali mita 6, vuta mara mbili, ukuta wa nyuma wa rangi tulivu inayokaribiana na ule wa Unguja. Wasitundike shuka la kijani kwa sababu wameona filamu zikipigwa hivyo. Kijani hurukia kwenye dishidasha nyeupe ya baba na kwenye ukingo wa shavu, na kukiondoa ni kazi kuliko kumkata mtu kwenye ukuta wa kawaida. Wasimame kwa mpangilio wao, macho kwenye lenzi, wapige moja na karatasi ya A4 na nyingine bila karatasi. Nguo za kichwa ni baraka kwa mkataji: kofia, ushungi na mtandio vina kingo safi. Nywele za kijana zilizoachwa zikasimama ndizo zitakazomchosha fundi.

Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Upande mrefu unaweza kushuka hadi pikseli 1600 hivi, na picha ya inchi 18 iliyo na pikseli 1600 inabaki na pikseli 89 tu kwa kila inchi, wakati mashine za kuchapa picha hupenda 300. Chapa itatoka lege, na nusu ya familia itaonekana kama imepigwa kwa simu ya zamani. Zitumwe kama `Document`, au kwa barua pepe, ili faili lifike kama lilivyotoka kwenye simu.

Sasa kompyuta. Nitatumia GIMP kwa sababu hailipiwi, ingawa Photoshop inafanya yaleyale kwa majina tofauti. Fungua picha ya Unguja isiyo na majirani, kisha kwa `File > Open as Layers` ongeza ile ya majirani na zile mbili za Maskati. Kila moja inakaa kama tabaka juu ya nyingine. Pima karatasi. Tuseme katika picha ya majirani karatasi ina urefu wa pikseli 300, na katika ya Maskati ina 372, kwa sababu simu yao ni ya aina nyingine. Gawa 300 kwa 372, unapata 0.806, basi tabaka za Maskati zipunguzwe hadi asilimia 80.6. Hesabu imekwisha. Huna haja ya kubishana na familia kama binti amefanywa mfupi kuliko kaka yake. Na ukitaka kuhakiki, pikseli 300 kwa sentimita 29.7 ni kama pikseli 10 kwa sentimita, kwa hiyo binti mwenye sentimita 158 anatakiwa awe na pikseli karibu 1,600 kutoka unyayo hadi utosi. Kama simu ya Unguja ndiyo ingekuwa na pikseli zaidi, ningepunguza ya Unguja badala ya kukuza ya Maskati. Kukuza hulainisha picha, na ulaini huo unaonekana ukutani.

Baada ya ukubwa, rangi. Karatasi ileile nyeupe inatumika tena. Kivulini mwanga wa anga hupaka vitu vyeupe ubluu, na kiasi cha ubluu huo hakilingani kati ya baraza mbili. Katika `Colors > Levels` kuna kidude chenye alama ya kijitone cha kuchagulia rangi ya kijivu. Kiguse kwenye karatasi mahali penye mwanga wa wastani, na ubluu unaondoka. Tumia marekebisho yaleyale kwenye picha isiyo na karatasi. Fanya hivyo kwa pande zote mbili. Kisha linganisha kanzu na dishidasha. Nyeupe ya nguo ndiyo hufichua kwanza, kwa sababu ngozi za ndugu hutofautiana na hakuna atakayeshtuka, lakini kanzu ya manjano kando ya dishidasha ya buluu humshtua hata mtoto.

Ndipo wakati wa kukata. Usifute watu kwa raba. Weka kifuniko kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, ambapo ukipaka nyeusi sehemu inafichika na ukipaka nyeupe inarudi, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Tabaka la Maskati likiwa juu, ficha ukuta wao, kisha ficha kila mahali ambapo waliokaa viti vya mbele wanatakiwa kuwaziba. Ukingo wa brashi usiwe mkali kama wa wembe. Tazama katika picha yenyewe ukingo wa bega dhidi ya ukuta: una pikseli mbili au tatu za mchanganyiko. Brashi yako ifuate hivyo. Ukiona mstari mwembamba mweupe kuzunguka mabega, ni masalio ya ukuta wa Maskati, sogeza kifuniko ndani pikseli moja.

Sehemu ninayoiona ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya haraka ni hii inayofuata. Rudi kwa majirani. Waangalie tumboni, pale nyuma ya vichwa vya waliokaa. Nguo zao zina giza kidogo, kwa sababu waliokaa mbele wanawazibia mwanga. Wa Maskati hawakuwa na mtu mbele yao, kwa hiyo nguo zao ziko angavu hadi chini. Tengeneza tabaka tupu juu yao, liwe `Multiply`, chukua brashi laini ya rangi ya kijivu yenye nguvu ndogo, upake giza lile taratibu huku ukiitazama picha ya majirani. Picha inatulia ghafla. Nimeona watu wasiojua chochote kuhusu picha wakisema "hapo sawa" bila kujua kilichobadilika.

Kuhakiki kuna njia tatu ninazoziamini. Ondoa rangi zote kwa `Colors > Desaturate`, utaona kama weusi wa buibui la binti ni mzito sawa na weusi wa nywele za kaka, maana rangi hudanganya jicho na kijivu hakidanganyi. Halafu kuza hadi asilimia 100, utazame punje za picha: simu moja hutoa ngozi yenye chengachenga na nyingine hutoa laini kama plastiki. Kama zimeachana, ongeza chenga kidogo kwenye ile laini kwa `Filters > Noise > RGB Noise`. Mwisho geuza picha nzima kulia iwe kushoto, uiache, unywe chai, urudi. Ukiirudia imegeuka unaiona kama mgeni, na kasoro hujitokeza zenyewe.

Kugeuza huko ni kwa kuhakiki tu. Wapo mafundi ambao, wakikuta mwanga wa picha mbili umepingana, huigeuza moja ili vivuli vya pua vielekee upande mmoja. Hila hiyo inafanya kazi kwa kivuli na inaharibu mengine yote. Saa inahamia mkono wa pili, vifungo vya shati vinahama upande, alama ya kuzaliwa inahamia shavu lingine. Na kama dada amejifunga kanga, jina la kanga linasomeka kinyumenyume. Mama mwenyewe ndiye atakayeliona, maana uso wa mwanawe anaujua upande kwa upande.

Lakini familia nyingi hazina nafasi ya kupiga upya. Pengine mmoja katika picha ameshafariki, na picha iliyopo ndiyo hiyohiyo. Hapo kanuni inageuka: picha ya zamani ndiyo bwana, na mpya ndiyo inayoifuata. Isome kwanza. Kivuli cha pua kinakwenda wapi, je, kipo kimetameta machoni cha taa ya kamera, kamera ilikuwa juu au chini? Kisha wapigwe walio hai kwa masharti hayo, na taa ya simu iwashwe ikiwa ya zamani ilipigwa kwa taa. Na kama marehemu alipigwa ndani, kwa taa ya mbele, akaonekana hadi kifuani tu, asisimamishwe. Awekwe safu ya nyuma ambako kifua kinatosha. Ikishindikana kulinganisha, ningechapa picha mbili kwenye fremu moja, ubavu kwa ubavu, bila kujifanya. Inapendeza kuliko kichwa kilichobandikwa.

Kuna mahali pamoja ambapo picha hii isifike. Maombi ya viza ya kuungana na mume, mke au wazazi huweza kuambatanishwa na picha za familia kama ushahidi kwamba watu wamekutana kweli. Picha ya kuunganisha ikiingia kwenye faili hilo, hata kwa nia njema, ofisa akiigundua ataitilia shaka karatasi yote iliyobaki. Nyuma ya chapa, kwa kalamu isiyofifia, iandikwe kwamba imeunganishwa, na tarehe za kupigwa Unguja na Maskati. Wajukuu wakija kuikuta baada ya miaka arobaini, wasije wakabishana mwaka gani bibi alikwenda Oman.

Faili lenye tabaka, lile la `.xcf`, lisifutwe baada ya kuchapa, na picha ya majirani ibaki ndani yake. Chapa ya pili ipelekwe Maskati, au faili la mwisho litumwe wakachape huko, wakikumbuka kwamba mashine ya huko inaweza kutoa wekundu au ubichi tofauti, kwa hiyo ichapwe ndogo kwanza. Na kama yuko mwingine Doha ambaye hakuwa na nafasi mwezi huo, naye akapiga baadaye kwa masharti yaleyale, ataingia safu ya nyuma kwa kipimo cha karatasi ileile. Ila aambiwe mapema, kabla viti havijapangwa, kwa sababu nafasi yake lazima iachwe wazi siku majirani waliposimama.